Sauti ya Honi na Kitufe cha Wanawake

Mimi nina sauti nene. Nasema mapema ili nisije nikaonekana najisifu baadaye, maana baadaye nitajisifu.

Nikipokea simu, watu wanasema, "Shikamoo mzee, naomba kuongea na mama." Shuleni mwalimu wa kwaya alinitoa mstari wa wasichana, akanipeleka kwa wavulana, na wavulana wakalalamika nawafunika. Lakini sauti hiyohiyo ndiyo iliyonilisha. Kwenye machimbo ya mawe nilikuwa mwita hatari: kabla fundi wa baruti hajalipua, mimi nasimama ukingoni juu na kuita, "Chini! Chini wote!" Sikupiga yowe. Yowe upepo unalichukua. Niliita kwa kifua, na chini shimoni kila aliyeshika nyundo alijibanza. Waliniita Honi. Mpaka nastaafu, hakuna mtu wangu aliyepigwa na jiwe. Hilo nalisema nimenyoosha shingo.

Basi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, yuko redio. Kazi yake ni kuhariri sauti. Alipopewa kutengeneza kipindi chake cha kwanza, akaniambia, "Bibi, nakutaka wewe, na nakutaka palepale ukingoni."

"Unitake mimi, mke mwenzangu? Babu yako hakunitaka hivyo hata siku ya harusi."

Tukaenda. Upepo wa pale ukingoni haujui kupumzika. Alikuwa amefunika maikrofoni kwa sponji tu. Kile kifuniko cha manyoya, kinachoutuliza upepo vizuri zaidi, alikuwa amekuta mtu mwingine kaondoka nacho. Nikasimulia, nikaita mwito wangu wa zamani, tukarudi nyumbani tumejaa vumbi.

Siku ya kipindi nilijipeleka redio mwenyewe, nimevaa kitenge kipya, kwa sababu nilitaka kujisikia kabla watu hawajanisikia. Chumba chao cha kuhariria ni kidogo, kimebandikwa masponji ukutani kama godoro lililosimamishwa. Mjukuu wangu alikuwa mbele ya kompyuta. Nyuma yake amesimama mkuu wa vipindi, mwanamume mwenye miwani kichwani na nyingine shingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Ipi kati ya hizo unayoonea?"

Akacheka, lakini si sana. Akasema, "Sikiliza hii." Mjukuu akabonyeza.

Nikasikia mwanamke mmoja mwembamba anaongea kutoka ndani ya kopo. Anasimulia machimbo. Halafu anaita, "Chini wote," na nilivyoona mimi, hata kuku asingeinama.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Ni wewe, Bibi," mjukuu akasema, haniangalii.

"Mimi? Nimeugua lini?"

Mkuu wa vipindi akavuta kiti. "Ndiyo tatizo lenyewe. Kipindi kinasema sauti hii ilinyamazisha machimbo mazima. Msikilizaji ataamini? Kinaingia hewani saa kumi. Kama sauti haiponi, mtangazaji atasoma maneno ya Bibi, sisi tuendelee." Akatoka, akaacha mlango wazi.

Maisha yangu yote yasomwe na kijana mwenye sauti ya kunyolewa? Wenzangu wa machimbo wangewasha redio kumsikiliza Honi, wakute mtu wa matangazo ya sabuni.

"Nionyeshe ulichonifanyia," nikamwambia mjukuu.

Akanivalisha hedifoni. Kwanza akanisikilizisha kama ilivyorekodiwa. Sauti yangu ilikuwepo, nene kabisa, lakini chini yake kulikuwa na ngurumo kama lori linalopanda mlima bila kufika.

"Hiyo ngurumo ni upepo unaogonga maikrofoni," akasema. "Inakaa chini kabisa, kwenye sauti za besi. Kwa hiyo tunaweka kichujio: cha juu kinapita, cha chini kinazuiwa. Hapa tuna kitufe cha wanaume na kitufe cha wanawake. Cha wanawake kinaanzia juu zaidi, hezi mia na themanini, yaani mitetemo mia na themanini kwa sekunde, kwa sababu sauti za wanawake wengi hukaa juu ya hapo."

"Na wewe ukabonyeza cha wanawake."

"Si ni mwanamke, Bibi?"

"Mwanamke ni mimi. Koo halijaambiwa."

Akanitazama. Halafu akageukia kioo cha kompyuta, akafungua picha ya sauti yangu, akaikuza. Kulikuwa na mistari kama ngazi. Akaweka kidole kwenye kidato cha chini. "Mia na kumi," akasema polepole. "Ukiita unapanda kidogo, lakini bado uko chini ya kitufe. Bibi, nimekukata miguu. Sikusikiliza, nilibonyeza tu, kwa sababu siku zote kinafanya kazi."

"Basi nirudishie miguu yangu. Nina safari."

Akakizima kitufe, akaanza upya kwa mkono. Akaweka kichujio chini kabisa, akawa anakipandisha taratibu huku naongea masikioni mwetu wote wawili. Ngurumo ikaanza kupungua. Akaendelea kupanda. Nikajisikia napwaya.

"Hapo unaninyonga," nikasema.

"Nimesikia." Akashusha mpaka nikawa mzima, akashusha tena kidogo. Akasimama hezi themanini. Akawa anawasha kichujio na kukizima, kuwasha na kuzima, ili masikio yasizoee na kudanganyika. Unene haukuondoka. Ila ngurumo ilibaki kiasi.

"Kichujio si kisu," akasema, sasa anaongea na mwenyewe zaidi kuliko na mimi. "Ni mteremko. Nikiufanya mkali zaidi, kilicho chini ya themanini kinaanguka haraka, na mia na kumi haiguswi sana." Akaukaza. Lori likaondoka mlimani. Nikabaki mimi, na upepo mwembamba wa juu kwa mbali, wa kutosha kujua kwamba tupo ukingoni na si jikoni.

Palipokuwa na kishindo cha upepo katikati ya sentensi na sentensi, ambapo siongei, alikipandisha kichujio juu zaidi, hapohapo tu. Mahali pamoja kishindo kilikuwa kimeipiga maikrofoni mpaka sauti ikapasuka.

"Hii haichujiki," akasema. "Kilichopasuka kimepasuka. Naiondoa sentensi yote."

Ilikuwa ile niliyomsifu marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mpole, hatagomba.

Halafu akatoa hedifoni kwenye mashine, akafungulia spika kubwa, akaupiga ule mwito.

"Chini! Chini wote!"

Nikasikia kikombe kinaanguka huko ukumbini. Mkuu wa vipindi akatokea mlangoni, shati lina chai. Akamwangalia mjukuu wangu, akaniangalia mimi.

"Iende hivyohivyo," akasema. "Msiiguse tena."

Mjukuu wangu alikuwa anaangalia picha ya sauti yangu kama watu wanavyoangalia mtoto aliyelala. Nikamwacha aone fahari yake, na mimi nikaona yangu. Chumba kile ni kidogo lakini tulitosha.

Saa kumi kikaingia hewani. Hakijaisha, simu yangu ikalia. Alikuwa fundi wa baruti wa machimbo yetu, mzee siku hizi, sikio moja lilikwisha kitambo.

"Honi," akasema, anahema. "Umeniponza."

"Nimefanya nini, bwana?"

"Nilikuwa kwa kinyozi. Umeita, nikajikuta niko chini ya kiti, mikono kichwani. Mashine ya kinyozi imeteleza, imenichora upara kichwani."

"Uliponyanyuka ulikuwa mzima?"

"Mzima."

"Basi kazi yangu imekwenda sawa," nikamwambia.