Saa Tatu za Nyundo

Nyundo ilikuwa bado hewani mama mwenye nyumba alipopiga hodi. Fundi viatu aliishusha polepole, akatema kiganjani misumari mitatu aliyoibana midomoni, ndipo akaitika.

"Karibu, mama. Samahani kwa vurugu."

Tangu kibaraza alichofanyia kazi miaka kumi na tisa kivunjwe ili kupanua barabara, kazi yote ilikuwa imehamia chumbani. Viatu vya watu vilijaa hadi chini ya kitanda. Harufu ya gundi ilikuwa imezoea mapazia. Mama mwenye nyumba alikaa ukingoni mwa kitanda, akatoa bahasha mkobani.

"Nimekuambia kwa mdomo mara mbili, fundi. Leo nimeandika, tusije tukageuziana maneno. Soma kwanza."

Fundi alipangusa mikono kwenye aproni, akasoma. Malalamiko sita, vyumba vitatu, mwezi mmoja. Tarehe tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tarehe saba, saa tano asubuhi. Tarehe kumi na mbili, saa mbili na nusu usiku. Majina ya walalamikaji hayakuwamo. Chini kabisa kulikuwa na sentensi iliyopigiwa mstari: *Barua hii si notisi ya kuhama.*

"Kwa hiyo mnanifukuza kwa adabu," alisema.

"Ningetaka uhame ningeandika uhame. Nataka ukae, na wenzako wakae. Haya, nieleze upande wako."

Alikuwa na maneno mengi, lakini yalitoka machache. "Alfajiri kuna kichanga nyuma ya ukuta huo. Asubuhi kuna aliyetoka kazi ya usiku anataka kulala. Usiku kuna mwanafunzi na vitabu vyake. Kila saa ina mwenyewe, mama. Yangu mimi ni ipi?"

Mama aliitazama sakafu ya mbao, na chuma cha kugongea viatu kilichokuwa kimesimama juu yake.

"Umewahi kuisikia nyundo yako ukiwa chumba cha chini?"

"Nitakuwaje juu na chini kwa pamoja?"

"Nipe mimi hiyo nyundo. Wewe teremka kwa nesi wa chumba cha chini yako. Yeye mwenyewe kaniruhusu nimtaje."

Nesi alifungua mlango macho mekundu, kitambaa cha kulalia bado kichwani. Walisalimiana kama walivyosalimiana ngazini siku zote, na hilo lilimuumiza fundi kuliko barua. Alisimama katikati ya chumba cha mwenzake bila kujua pa kuweka mikono.

Kisha dari ikalia kwa pigo. Haukuwa mlio anaoujua, ule mkavu na mfupi wa msumari unaoingia kwenye soli. Ulikuwa mzito, ukipita kwenye mbao na kuteremka ukutani. Glasi iliyokuwa juu ya kabati ilitetemeka. Pigo la nne lilimkuta amekunja mabega, akilisubiri la tano.

"Wodini pia huwa nausikia," nesi alisema taratibu. "Hata pasipo na nyundo."

Fundi alipanda akachukua kipande cha tairi kuukuu, akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya chuma. Akateremka tena. Safari hii dari ilinung'unika tu.

"Hiyo nitaivumilia nikiwa macho," nesi alisema. "Kulala nayo, siwezi kukudanganya."

Juu, fundi na mama waliandika pamoja kwenye nafasi iliyobaki chini ya barua. Tairi chini ya chuma. Nyundo kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Saa nyingine, sindano na gundi. Wapangaji wakibaki na kero, wamwambie mama, wasigonge kuta.

"Sahihi yako inasema umeipokea na tumekubaliana hayo," mama alisema. "Nakala moja yako. Wiki mbili zikiisha nitapita kila mlango, na wako pia, nikuulize wewe kinachokukera."

"Saa tatu, mama. Visigino pekee vinakula saa tano."

"Najua. Ndiyo maana nitarudi."

Fundi alitia sahihi. Laiti mama angemtukana. Naye angebamiza mlango, angebeba chuma chake na kutafuta ukuta mwingine. Lakini mama alimshukuru, akaurudisha mlango taratibu, na fundi akabaki na upole huo chumbani, hauna pa kushikika wala pa kupigika.

Kesho yake asubuhi alianza na viatu vya kushonwa. Alitoboa soli kwa msharasi, akapitisha uzi, akavuta. Saa mbili na robo alisikia ufunguo wa nesi chini, maji yakimwagika kwenye beseni, kikohozi, kisha kitanda kikilalamika. Hakujua kama sauti hizo zilikuwapo siku zote.

Uzi ulimwishia. Kidonge kingine cha uzi kilikuwa dirishani, hatua nne kutoka alipokaa. Alivua viatu, akainuka, akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Ukalia. Akausimamisha mguu wa pili hewani, akasikiliza kama kitanda cha chini kitalalamika tena.