Nusu Kijiko cha Chumvi

Mhadhara wa daktari kuhusu watoto wanaoharisha ulikuwa na kurasa arobaini. Mchoraji aliumiza kichwa wiki nzima, akabakiza picha tatu za bango la vijijini: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mfagizi wa ofisi, mama asiyejua kusoma, alizieleza bila kukosea.

Kisha mkurugenzi akaleta nembo saba za wafadhili. Picha zikabanwa chini mpaka zikawa ndogo mno, za kukodolea macho. Mfagizi akaitwa tena.

"Chumvi kijiko kizima, mwanangu."

Mchoraji akamkimbilia mkurugenzi. "Bosi, chumvi hiyo itaua watoto. Tuondoe nembo mbili tu."

Mkurugenzi hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Nembo haziguswi. Ondoa chumvi."