Nakala ya Saa Nane

Nikhil alikuwa na tabia ambayo wenzake kambini waliicheka. Hakugusa mtambo wowote bila kuandika. Alizaliwa dukani, Shinyanga mjini, nyuma ya kaunta ya baba yake, na usemi wa kwanza aliofundishwa kuusoma ni ule wa mali bila daftari huisha bila habari. Wengine waliuchukulia kuwa usemi wa kutishia wadeni. Yeye aliupeleka hadi kwenye ruta, mtambo uliopitisha simu na data zote za mgodi. Kabla ya kubadilisha mstari mmoja alitoa nakala ya mipangilio yote na kuihifadhi kwenye kompyuta, akabadilisha, akajaribu, akatoa nakala nyingine, kisha akaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu: nini, kwa nini, na kurudi nyuma vipi.

Alhamisi ile ya masika ya mwaka tisini na tisa Nikhil hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumwoza dada yake, Bhumika, na mtambo wote alimwachia Paskalia.

Paskalia binti wa Ushirombo alikuwa fundi mzuri na alijua hivyo. Ila alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kuogopa wakubwa. Wakubwa wenyewe siku hiyo walikuwa mmoja tu, Bwana Hemal, mtaalamu aliyetumwa na makao makuu Dar es Salaam, aliyesomea Uingereza na kupenda mno kuitaja. Alifika na begi la ngozi, akaomba neno la siri la ruta, akavuta kiti.

"Kuna watu shimoni, bosi," Paskalia alisema. "Nikhil huwa hagusi kitu mpaka zamu itoke."

"Ni marekebisho ya dakika kumi."

"Basi nitoe kwanza nakala..."

"Paskalia. Dakika kumi."

Paskalia akampa neno la siri. Hilo ndilo kosa lake, na hata leo ukimuuliza hatakuficha.

Sasa uelewe mgodi ule ulivyokuwa. Kambi ilikuwa upande mmoja wa kilima, shimo upande wa pili, kilomita sita kwa barabara ya udongo mwekundu inayokatwa na korongo. Chini ya shimo kulikuwa na handaki lililoinama katikati kama mgongo wa punda mzee. Wachimbaji walifanya kazi mwisho wa handaki, palipoinuka, na njia yao ya kutokea ilipita kwenye ule mwinamo. Maji yakijaa pale, wao kule mbele hawaoni kitu. Watakuwa wanachoronga mwamba, miguu mikavu, huku mlango umeshafungwa nyuma yao. Kwa hiyo kipimo kiliwekwa mwinamoni. Namba zake, kina cha maji kwa sentimita, zilipanda hadi mdomoni mwa shimo, zikarushwa kwa redio ya kilimani, zikaingia kwenye ruta ya kambini, na mzee Ansgar, mwangalizi wa maji, akazitazama kwenye kompyuta. Zikifika mia moja, Ansgar anampigia simu Maduhu, mlinzi wa mdomo wa shimo, naye Maduhu anabonyeza king'ora. Simu hiyo nayo ilipita kwenye ruta ileile. Redio za mkononi hazikuvuka kilima.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Chini walikuwa watu tisa. Mmoja wao alikuwa Athanas, kaka yake Paskalia, aliyemsomesha kwa kuuza pamba na baiskeli yake.

Saa tisa na robo alasiri Ansgar akasema, "Imefika sabini. Inaongezeka tano kila dakika mbili." Kisha akasema, "Hee. Imepotea."

Namba ilikuwa imeondoka kwenye kioo, pakabaki vistari. Akanyanyua simu ya shimoni. Kimya. Akanyanyua ya nje. Kimya vilevile.

"Bosi," Paskalia alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa udogo, "umebadilisha nini?"

Bwana Hemal alianza kuorodhesha. Njia mbili za kupitishia data alizoziona hazina maana. Vizuizi vya usalama. Namba za simu alizozipanga upya. Na kitu kingine pale katikati, ngoja kidogo, alikiona hakijakaa sawa. Alichapa, akafuta, akachapa tena. Hakuwa ameandika popote. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni ingawa hewa ilikuwa baridi. Ansgar alimtuma dereva shimoni papo hapo, lakini wote walijua korongo limejaa. Akizunguka kwa juu angefika saa kumi na nusu, Mungu akipenda.

"Izime uiwashe," Ansgar alisema.

"Nilishahifadhi," Bwana Hemal akajibu kwa sauti ya mtu anayekiri. Ndivyo mtambo ule ulivyo: usipohifadhi, ukizima unarudi ulivyokuwa, lakini ukihifadhi, ukiwasha unakuletea kosa lako lilelile. Hata hivyo aliizima. Ilipowaka tena, vistari vilikuwa palepale.

Paskalia alipiga hesabu kichwani bila kutaka. Sabini, na tano kila dakika mbili. Sasa mia moja imeshapita. Akakimbilia daftari jekundu, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, na mwandiko wa Nikhil ulikuwa umenyooka kama mashuka yaliyopigwa pasi:

*Jumanne. Nimefunga redio mpya kilimani, ya zamani imepigwa na radi. Anwani mpya inaishia 18, ya zamani iliishia 7. Nimebadilisha kwenye ruta. Nimejaribu simu na kipimo, vyote vizuri. Ikiharibika, rudisha nakala ya saa 8.*

Kwenye kompyuta nakala za Jumanne zilikuwa mbili. Jina la moja liliishia 0800, la nyingine 1400.

"Hiyo hapo," Bwana Hemal alisema. "Sifuri nane sifuri sifuri. Saa nane. Weka."

"Iweke kwenye mipangilio ya kuwashia, bosi, siyo juu ya hii inayofanya kazi," Paskalia alisema. "Juu ya hii itachanganyika tu, mistari mibaya itabaki."

Walau hapo alimsikiliza. Upande wa kambini ulikuwa bado mzima, kwa hiyo ruta iliifikia kompyuta na kuivuta nakala. Wakaizima, wakaiwasha. Taa zikaanza kupepesa moja baada ya nyingine, polepole, kwa ule uvivu wa mitambo isiyojali mtu. Paskalia alisali Salamu Maria na kupotea katikati, yeye aliyeisali tangu utotoni. Ruta ikaamka. Simu ya nje ikatoa mlio, na Bwana Hemal akacheka kwa furaha.

Vistari vya kipimo havikuondoka. Simu ya shimoni ilikuwa kimya.

Wakasubiri. Wakakagua kebo. Wakasubiri tena. Bwana Hemal akakaa chini, akaushika mdomo wake kwa viganja viwili, na Paskalia akaona kwamba mtu huyu aliyemwogopa asubuhi nzima hakuwa na lolote zaidi la kumwambia. Hilo lilimtisha kuliko vistari. Alitaka kulia. Alitaka kutoka mbio kuvuka kilima kwa miguu, peku, katikati ya mvua.

"Mzee Ansgar," akauliza, kwa sababu kichwa kilikuwa hakishiki tena kitu, "saa ngapi sasa?"

"Tisa na dakika arobaini."

Macho yake yalikuwa kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Pale paliandikwa 15:40.

Akalitazama tena daftari: saa 8.

"Nikhil ni mtoto wa Shinyanga!" akapaza sauti. "Bosi, Nikhil akiandika saa nane anaandika saa nane! Mchana, baada ya kula! Kompyuta ndiyo inayoita kumi na nne!"

Bwana Hemal alimtazama kama aliyesemeshwa Kisukuma cha ndani. Paskalia hakumngoja aelewe. Alikaa kwenye kiti, na safari hii hakubahatisha. Akaifungua kwanza ile ya 0800 akaisoma: anwani ya redio ya kilimani, saba. Ilikuwa nakala ya asubuhi, ya kabla ya kazi, na tangu waiweke, ruta ilikuwa inaita redio iliyokwisha kufa. Akafungua ya 1400. Kumi na nane. Akakosea jina mara mbili. Akaivuta nakala kwenye mipangilio ya kuwashia, akazima, akawasha.

Mvua iligonga bati. Taa ya kwanza. Ya pili. Ile ya upande wa shimo ikapepesa njano, ikazima. Ikawaka tena. Kijani.

"Mia moja arobaini na nane," Ansgar alisoma.

Paskalia alikuwa ameshanyanyua simu. Iliita mara moja.

"Mayu, mama!" Maduhu akapokea upande wa pili. "Mlipotea wapi, nimepiga weee..."

"King'ora, Maduhu! Bonyeza king'ora! Maji!"

Akasikia kifaa kikiangushwa, na kwa mbali king'ora kikianza kulia. Hakukata simu. Aliibana sikioni kwa mikono miwili na kutazama kioo. Mia moja hamsini na tatu. Hamsini na nane. Athanas alikuwa mrefu. Wapo wasio warefu. Sitini na tatu. Aliogopa kupepesa macho, kana kwamba maji yangepanda akiyaacha. Sitini na nane.

Kisha kishindo cha winchi, na watu wakikohoa, na Maduhu akihesabu kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini. Paskalia, ambaye nyumbani kwao walisema Kisumbwa, alizifuata namba kwa midomo. Ziliishia nane.

Zikakaa nane muda mrefu.

"Kenda!" Maduhu akapiga kelele. Tisa, wote.

Simu ikachukuliwa na mtu anayehema. "Paskalia?" Alikuwa Athanas. "Umelala kazini nini? Maji yalinifika hapa, kidevuni. Bujiku tumemvusha mabegani, yeye ni mfupi. Mimi nimekuwa wa mwisho, taa ikanizimikia, nimepapasa ukuta." Akakohoa. "Tungechelewa dakika kumi tu, mdogo wangu, ungetutolea wapi?"

Nyuma ya Paskalia, Bwana Hemal aliuliza kwa upole ni nani, wako wangapi, na wote wamepona? Yeye alikuwa anafikiri kuhusu zile dakika kumi. Walikuwa wamezitumia, yeye na bosi, kuiamsha na kuisubiri nakala ya saa mbili asubuhi.

"Paskalia? Uko hapo?"

"Nipo," alisema. "Kaka, usikate simu."