Mstari wa Kumi na Saba

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, marehemu Algot hutuandikia.

Ujumbe wake huingia kwenye kompyuta zote za ofisi ya makaburi kwa wakati mmoja: *Kesho Kitalu C. Niulizeni kwanza.* Algot alianguka jikoni kwake Jumapili moja, miaka minane iliyopita, bila kumwachia mtu neno. Ukumbusho huo aliupanga mwenyewe ujirudie kila wiki. Mafundi wa parokia wameufuta mara mbili, nao umerudi mara mbili. Siku hizi hatusemi kitu. Tunangoja mlio upite, kisha tunaendelea na kazi.

Mwezi wa Aprili, Torborg, aliyerithi kazi ya Algot ya kupanga mazishi, alituita mezani, mimi na Sixten mchimba makaburi. Akatukatia keki ya iliki, akamwagia kila mtu kahawa, ndipo akasema:

"Septemba ninapasuliwa moyo. Vali imechakaa, wanataka kuibadilisha kabla haijanishinda. Siku yenyewe watanitajia baadaye, ila ni wiki ya tatu."

Sixten aliacha kutafuna. "Miezi mitano yote hiyo? Bibi wee, unaaga kama mtu anayehamia mwezini."

"Algot hakuaga kabisa. Umesahau yaliyotupata?"

Sixten akatazama mikono yake. Hakuwa amesahau. Mimi sikuwapo, lakini nilishasimuliwa: mwaka ule alipokufa Algot walifungua kaburi katika Kitalu C kwa ajili ya bibi mmoja, wakakuta jeneza dogo. La mtoto wa watu wengine.

Torborg alikuwa amekwisha andika mpango wake. Aprili na Mei nitazame anavyofanya. Juni na Julai nifanye mimi, yeye akiwa pembeni. Agosti, kila Jumatano, awe kama hayupo: atakaa ofisini, lakini tusimwulize neno, wala yeye asiseme. Septemba aondoke. Chini yake kulikuwa na mistari ishirini na miwili ya kazi, kuanzia kuhakiki nani ana haki ya kaburi hadi kumpa Sixten karatasi ya kuchimba. Kila nikijifunza moja nitie alama.

Hatua ya mwisho iliitwa "Kurudi." Hatua zote zilikuwa na tarehe isipokuwa hiyo.

Niliisoma karatasi ile nyumbani mara nyingi. Mimi si mtu wa kusema. Watu wakilia kaunta, nami hulia, halafu Torborg hunipa leso na kuwahudumia yeye. Nilikuwa nawaza: mtu aliyekwisha gawa kila alichokuwa nacho, anarudi kufanya nini? Wazo hilo halikunitoka. Lilikaa nami kama baridi ya kanisani.

Mstari wa kumi na saba ulikuwa Kitalu C. Kila aliponiambia, "Twende tukaone C, mwanangu," mimi nilikuwa na udhuru. Mvua. Simu ya muuza maua. Mwishowe, Juni, nilimwambia nimekwenda na Sixten, nikatia alama. Ulikuwa uongo. Nilitaka libaki jambo moja ambalo analijua yeye peke yake, ili lisiwezekane bila yeye.

Jumatano ya tatu ya Agosti, Torborg aliweka juu ya meza yake kadi aliyoandika *Sipo*, akageuzia kiti dirishani. Asubuhi hiyo hiyo familia moja iliomba kumzika baba yao kwenye kaburi la ukoo. C 41.

Nilitafuta kwenye ramani ya kompyuta. Arobaini na moja ilikuwa pale, safu ya tatu kutoka langoni, karibu na mti wa mbetula. Niliandika karatasi. Nikamtazama Torborg mgongoni. Alikuwa akipumua kwa shida kidogo, kama siku zote za kiangazi kile, na hakugeuka.

Desturi yetu ni kwamba kaburi haliguswi kabla mtu wa ofisi hajaenda pale pale na kutia saini. Mchana nilikwenda. Sixten alikuwa amesimika vijiti vinne kwenye nyasi, kama karatasi yangu ilivyosema. Hapakuwa na jiwe, mawe mengi ya C yaliondolewa zamani kwa kuhofia yataangukia watu. Nyasi tupu, sawasawa, zisizosema lolote.

"Haya, dada, weka jina lako," alisema Sixten. "Udongo haunisubiri."

Nilishika kalamu. Nikasikia nyayo kwenye kokoto. Torborg alikuwa amesimama mbali, chini ya mbetula, mikono kifuani, kimya. Hapo nikaanza kumfikiria yule mtoto. Sijui kwa nini nilihisi yuko chini ya miguu yangu, anasikiliza kama nitaandika.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini? Kalamu imekauka?"

"Sijui kama ni hapa. Sikuwahi kujifunza C. Nilidanganya."

Sixten alivua kofia, akamtazama Torborg. Torborg akaja polepole, akisimama mara mbili kupata pumzi.

"Nilijua tangu Juni," alisema. "Nilimwuliza Sixten. Huyu hawezi kuficha uongo, hata usio wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Leo sipo. Nikiwa nimelala hospitali nitakuambiaje? Nilishaamua. Ungetia saini ningekuzuia, kisha ningepiga simu kuahirisha kupasuliwa. Na daktari amenikataza kuahirisha."

Nililia, bila shaka. Alinipa leso.

"Ulitaka niwe kama Algot?" aliuliza kwa upole. "Kila wiki niwasumbue kuhusu jambo moja ambalo sikulitoa?"

"Nilitaka urudi."

Alinishika mkono, tukatembea hadi mwisho wa kitalu. Pale ukutani palikuwa na mawe mapya kidogo kuliko mengine. Zamani hapo ndipo palipokuwa na lango, alisema. C ilihesabiwa kuanzia hapo, ramani ikachorwa kuanzia lango jipya. Ilimchukua miaka miwili kugundua. Arobaini na moja halisi ilikuwa upande wa pili kabisa. Sixten alihamisha vijiti vyake bila mzaha wowote, nami nikatia saini.

Ofisini nilichukua mpango, nikaufungua penye "Kurudi," nikampa kalamu.

"Na nisiporudi?"

"Tutaifuta. Lakini andika."

Aliandika: *Alhamisi, tarehe 11 Januari, kazi ya robo siku, daktari akikubali.*

Septemba akaondoka. Upasuaji ulikwenda vizuri, mume wake alitupigia. Wiki za kwanza hakuruhusiwa kubeba kitu kizito kuliko pakiti ya maziwa, na mpango ulitukataza kumpigia kuhusu kazi. Hatukumpigia. Mazishi yalipangwa, makaburi ya C yalifunguliwa mahali pake. Kila Alhamisi Algot aliandika, nami nilitazama kiti cha dirishani.

Tarehe kumi na moja Januari aliingia saa tatu kasorobo, amekonda, koti limemzidi. Sixten alimwambia, "Naona mwezini hawapiki." Torborg alicheka huku ameshika kifua. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akaangalia mikono yake. Kazi yote ilikuwa imefanywa. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alikuwa kama siku za Agosti, ila sasa hapakuwa na kadi.

Mlio ukaja. *Kesho Kitalu C. Niulizeni kwanza.*

Nilisimama, nikaenda mezani kwake.

"Torborg, C inahesabiwa kuanzia wapi?"

Alinitazama. "Unajua wewe."

"Najua. Nakuuliza."

"Ukutani," alisema. Akavuta kiti kingine, akanionyesha niketi.