Saa Nane na Robo

Jumatatu, saa nane na robo mchana, jua kali, upepo hakuna. Basi la njia ya saba lilipanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja. Dereva alishtuka, akalirudisha. Hakuna aliyeumia.

"Dereva, unatupeleka wapi? Kitandani kwako?" abiria mmoja alifoka.

Kituoni, msimamizi hakucheka. "Kaka, nimekuvumilia mno. Wiki tatu hushiki usukani. Ukirudi, nitakaa nyuma yako saa hiyohiyo. Ukisinzia, nakuhamishia getini."

Dereva alikuwa ameendesha kwa miaka ishirini na miwili. Getini hakukuona kama kazi, bali kama mwisho wake.

Muuguzi wa zahanati ya kampuni alimpima sukari na presha. Zote zilikuwa sawa.

"Anakoroma?" alimuuliza mke wa dereva, aliyekuja kumsindikiza.

"Atakoromaje, dada, na halali?"

Dereva akaeleza. Asubuhi alitoka na chai kavu. Saa saba alikula mlima wa wali na soda mbili. Jioni alikunywa kahawa kali ya kuondoa uchovu. Alilala saa sita usiku, akaamka saa kumi alfajiri.

"Usingizi wa saa nne tu," muuguzi alisema. "Na ile kahawa ya jioni bado imo mwilini unapopanda kitandani. Inakutengenezea uchovu wa kesho."

Akampa utaratibu: mayai na mkate kabla ya kutoka, mchana wali nusu, maharage, mboga na maji, kahawa mwisho saa sita mchana, usingizi wa dakika ishirini kati ya safari, chakula cha usiku saa kumi na mbili jioni, kitandani saa tatu usiku, simu ibaki sebuleni.

Shida ilikuwa chakula cha usiku. Mke, fundi cherehani, alikuwa akirudi saa mbili na nusu usiku, na walizoea kula pamoja.

"Nile peke yangu saa kumi na mbili, kama mgonjwa?"

"Afadhali wewe ule peke yako, mume wangu, kuliko mimi nile peke yangu maisha yangu yote."

Dereva aliinua mikono. Akakubali.

Siku ya nne kichwa kilimgonga kwa kukosa kahawa. Akanywa vikombe viwili jioni, akagaagaa kitandani hadi saa saba usiku. Asubuhi alimpa jirani kopo zima la kahawa. Wiki ya pili aliamka kabla ya kengele.

Siku ya jaribio, joto lilikuwa lilelile. Msimamizi alitoka kantini akijifuta mdomo, soda mkononi, akakaa nyuma ya dereva. Saa nane na robo walipita ule ukingo salama. Kituo cha mwisho, dereva aligeuka.

"Bosi, tumefika. Amka."

Abiria wakaangua kicheko. Msimamizi alifikicha macho. "Ungeyumba, ningeamka," alisema.

Alisaini karatasi ya kumrudisha kazini, kisha akaenda kuuliza zahanati inafungwa saa ngapi. Muuguzi akampima presha yeye pia. Dereva aliegesha basi, akarudi nyumbani, akala saa kumi na mbili. Mke alirudi, akala, mumewe akiwa pembeni na kikombe cha maji mkononi. Saa tatu dereva alilala. Mke alizima taa.