Kitambaa cha Ncha ya Bomba

Sipendi kusikia dereva akisema kamba ilikatika. Kamba haina akili ya kuamua kukatika. Aliyefunga vibaya ndiye aliyeikata, hata kama ilimchukua kilomita hamsini. Maneno haya nimewaambia wenzangu wa stendi ya pikapu pale Kibuye, Kisumu, kwa miaka kumi na saba, mpaka wakanibandika jina la Profesa wa Kamba. Nilikubali jina. Nilikuwa sijawahi kuangusha hata kiti cha plastiki, na mtu asiyewahi kuangusha kitu huwa na mdomo mrefu.

Siku hizi hawanitanii tena. Wananipa pole, nami naipokea huku nikijua siistahili.

Mwezi wa pili mama mmoja aitwaye Elsie alinikodi nipeleke hema na viti kwao Port Victoria. Mumewe, Robinson Wakhungu, aliyekuwa akinunua samaki ufuoni Dunga na kuwauza mjini, alikuwa amefariki, na angezikwa Jumamosi. Tulipanga kuondoka Ijumaa asubuhi pamoja na mwili, msafara mmoja: gari la maiti mbele, magari ya jamaa, pikapu yangu, na nyuma yangu kijana wao Byron, mwenye miaka ishirini na miwili, kwa pikipiki yake ya bodaboda.

Shughuli yenyewe ilikuwa mabomba ya hema. Yalikuwa ya mita sita, na pikapu yangu ni ndogo. Niliyalaza juu ya fremu ya chuma, kuanzia juu ya kabini ya dereva, na viti nikavipanga chini yake na kuvifunika turubai. Mabomba niliyafunga kwanza yenyewe kwa yenyewe, mzigo mmoja, sehemu tatu, kwa mipira ya tairi iliyokatwa, maana bomba la katikati likilegea huchomoka kama kalamu mfukoni. Kisha nikafunga mzigo wote kwenye fremu. Mwisho nikatoa kamba kutoka mbele ya mzigo hadi kwenye bampa, ili gari likipanda mlima mabomba yasirudi nyuma. Hata hivyo yalitokeza nyuma zaidi ya mita mbili.

Hilo halikunitisha. Mzigo ukitokeza nyuma, weka kitambaa chekundu kwenye ncha ya mwisho kabisa, na usiku weka taa nyekundu. Cha kwangu kilikuwa kipana kama kifua cha mtu, kimekatwa kwenye sketi ya kwaya ya marehemu mke wangu, Nasike, na upindo wake alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi mweupe. Nilikipitisha ndani ya bomba refu kuliko yote, nikakitoa, nikakikaza kwa fundo ambalo upepo haulifungui.

Wakati namaliza ndipo alipofika Mathews Wakhungu, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu anakaa Milimani, mtaa wa wenye pesa, ni mkubwa katika ofisi fulani, na alikuja na gari jeusi refu linalong'aa utadhani linaenda harusini. Alikuwa ametanguliza sofa kwa mkokoteni. Alitaka niipandishe juu ya mabomba, kwa kukingama, ili wageni wa heshima wapate pa kukalia.

Niliipima mbele yake. Ingetokeza pande zote mbili za gari, kila upande kiasi cha mkono mzima. Nilimweleza kwamba hata lori kubwa sheria inaliwekea mpaka wa upana, mita mbili na nusu na kidogo, na kwamba mimi hujiwekea mpaka wa mbavu za gari langu, kwa sababu anayepishana nami anapima kwa macho gari, si sofa. Akasema basi tuisimamishe. Nikamjibu kwamba kwenda juu sheria inaachia mita nne na kitu, lakini pikapu kama yangu ikibeba mzigo wa kimo hicho itakuwa imelala ubavu kabla ya Kisian. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Sofa ikarudi ilikotoka, na mimi nikajiona mwanamume.

Tuliondoka saa tatu. Magari yote yalikuwa na utepe mwekundu wa msiba kwenye vioo vya pembeni, isipokuwa la Mathews. Utepe ulikuwa umekwisha. Lilikuwa jambo dogo, ila polisi wa vizuizi huachia msafara wa maiti upite, na gari lisilo na utepe husimamishwa. La kwake lilisimamishwa mara mbili kabla ya Maseno. Mara zote mbili tulimngoja, na mara zote mbili alirudi na uso umevimba kwa hasira. Mtu mkubwa kuulizwa leseni mbele ya wakwe!

Tukasimama Luanda. Kamba hulegea baada ya kilomita za kwanza, kwa hiyo ni desturi yangu kusimama na kukaza. Nilizunguka gari lote, nikavuta kila kamba, nikagusa kitambaa. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha nikaenda kunywa chai.

Kikombe kilikuwa bado nusu Mathews aliponijia na kuniambia niharakishe, maiti haingoji mtu amalize mandazi. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Niliona aibu, nikaacha chai, nikaingia garini moja kwa moja, nikawasha. Sikuzunguka. Mimi, Profesa wa Kamba, ninayewafokea vijana kwamba gari likisimama hata kwa kukojoa lazima lizungukwe upya, sikuzunguka, kwa sababu tajiri alinidharau mbele ya watu na nilitaka kumwonyesha kwamba najua kukimbia.

Tulipita Yala, tukapita Ugunja. Vizuizini gari jeusi halikusimamishwa tena. Niliona lakini sikujiuliza.

Mbele kidogo kulikuwa na soko la kando ya barabara, na matuta. Msafara ulipunguza mwendo ghafla, nami nikakanyaga breki. Magurudumu ya mbele yalipopanda tuta, mkia wa gari ulishuka, na mabomba, ambayo tayari yalikuwa yameinama ncha kwa urefu wake, yakashuka nao mpaka kimo cha uso wa mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Bomba ukilitazama kwa ncha huoni bomba. Unaona tundu dogo la kijivu, na lami nayo ni ya kijivu.

Nilisikia mlio mdogo tu. Nikadhani ni kiti.

Byron alikuwa chini, pikipiki imemlalia mguu, kofia yake haina kioo. Sitaeleza jicho. Nilimshika kichwa nikamwambia asiliguse. Mama yake alikuwa mbele kwenye gari la maiti, na nilisikia kilio chake kikija kabla yeye hajafika.

Nikainua macho kutazama ncha ya mabomba. Ilikuwa tupu.

Sikuelewa. Nilikigusa Luanda kwa mkono huu. Kisha nikamwona Mathews akija kutoka mbele, kwa haraka, peke yake, kwa upande wa shambani ambako watu hawakuwako. Mkononi alikuwa na kitu chekundu. Hakuniona nikimtazama, au aliniona na hakujali. Alifika kwenye ncha ya bomba, akakifunga kitambaa kwa mafundo mawili kama mtu anayefunga kiatu, kisha akaenda kumshika shemeji yake mabega. Uzi mweupe wa Nasike niliuona kutoka pale chini. Kioo cha gari jeusi, ambacho tangu Luanda kilikuwa nacho badala ya utepe, sasa kilikuwa hakina kitu.

Dakika ishirini baadaye afisa wa trafiki akafika. Alipiga picha, akazunguka, akatikisa kamba, akapima kwa hatua. Akasema nimefunga vizuri. Mathews, akiwa amesimama karibu naye, alisema kwa huzuni kwamba kijana hakulala tangu baba yake afe, na kwamba bodaboda hawa wanafuata magari kwa karibu mno. Afisa akaandika. Kisha akanigeukia akaniuliza kama kitambaa kilikuwepo wakati wa ajali.

Nilijua kilichokuwa kinaulizwa. Mzigo ni wa dereva. Atakayejibu kwa ncha tupu ni yule aliyeshika usukani, hata kama kitambaa kilichukuliwa na malaika. Leseni ingekwenda, gari lingezuiliwa, pengine nami ningefungwa. Na nina watoto watatu wasio na mama.

"Si mnakiona," nikasema.

Akaandika hivyo. Byron mwenyewe ndiye aliyeandikwa kwamba hakuwa makini.

Robinson alizikwa Jumamosi chini ya hema nililolipeleka, mwanawe akiwa hospitalini Kisumu. Nilirudi na mabomba Jumapili nikiwa nimefungia ncha gunia lililopakwa rangi nyekundu. Kile kitambaa nilikuwa nimekifungua na kukitia chini ya kiti.

Ilipita miezi mitatu. Siku moja mchana Byron akaja Kibuye kwa miguu. Jicho la kulia halikuwepo tena, pamefunikwa na miwani nyeusi. Wenzangu wakampisha. Alinisalimu kwa heshima, akakataa kukaa, akaniambia amekuja kwa jambo moja. Mama yake amemwambia asiishi na watu wenye kinyongo naye.

"Nisamehe, Mzee," akasema. "Nilikuharibia jina. Wanasema kitambaa ilikuwa hapo, sema tu mimi sikuiona. Nimejaribu kukumbuka, siioni. Labda nilikuwa nasinzia."

Mtoto nimemtoa jicho, na sasa anatafuta makosa kichwani mwake ili mimi nilale vizuri.

Nikamvuta nyuma ya gari nikamwambia yote. Utepe uliokwisha, chai ya Luanda, gari ambalo sikulizunguka, baba yake mkubwa na fundo lake la kiatu. Nikatoa kitambaa chini ya kiti nikamwekea mkononi. Nikamwambia kesho asubuhi twende pamoja kituoni, nibadilishe maneno yangu, litakalonipata na linipate. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Byron alikigeuzageuza kile kitambaa kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye uzi mweupe. Nilingoja anipige.

"Baba mkubwa ndiye analipia jicho," akasema. "Ile ya kioo, wataweka mwezi ujao. Ile jicho nyingine nayo imeanza kusumbua, kuna matibabu kila wiki. Na fee ya shule ya wadogo zangu ni yeye. Mama anamwita mwokozi." Akakikunja kitambaa vizuri, mara nne, kama nguo ya kanisa. "Ukienda polisi yeye ataacha, na wewe utafungwa. Mimi nitabaki na nani?"

Akanishika bega.

"Nyamaza hivyo hivyo, Mzee. Lakini weka hii kitu. Siku akiacha kulipa, nitakuja, na utaipeleka polisi wewe mwenyewe."

Nikaapa. Akanirudishia, akaondoka, akitembea amegeuza kichwa kidogo upande wa kulia ili aone magari.

Kitambaa kiko kwenye sanduku la Nasike, pamoja na vitu vyake vingine. Nimenunua kipya cha dukani. Nazunguka gari kila ninaposimama, hata mara mbili, na vijana wa stendi hawanicheki. Na kila Jumapili kanisani, wakati wengine wanawaombea watoto wao, mimi namwombea Mathews Wakhungu wa Milimani afya njema, kazi nzuri na maisha marefu.