Jedwali la Mananasi

Cadette alipoijaribu programu yake kwa neno "baba", ilimjibu: mkato mmoja. Sawa kabisa: "bab", kisha "a". Akaandika "dada", mkato mmoja. Akaandika "kuku", mkato mmoja. Mashine ilikuwa inajibu kabla hajainua kidole, na moyo wake ukaanza kufanya kitu ambacho hakuwa ameuruhusu kukifanya tangu asubuhi, yaani kufurahi.

Alikuwa amekaa katika duka la Iliasi, karibu na soko la Kasongo, mahali pekee mjini ambapo siku ile mtandao ulikuwa unapumua. Iliasi alimpa meza ya nyuma, kati ya magunia ya chumvi na redio zilizongoja kutengenezwa. Mtihani ulitoka Kinshasa: wa kuchuja vijana wa kwenda kusoma huko miaka miwili bure, na mkoa mzima ulikuwa na nafasi moja tu. Kazi unaituma mara moja. Ukishatuma, umetuma, majibu utayaona wakipenda wao. Maswali matatu ya kwanza alikuwa ameyamaliza. Likabaki la nne, na hilo ndilo alilokuwa analiombea kwa Mungu tangu darasani, maana Mwalimu Salomon alikuwa amelifundisha mpaka wanafunzi wakaliota.

Swali lenyewe ni hili. Unapewa mfuatano wa herufi. Uukate vipande, na kila kipande kiwe palindromu, yaani ukikisoma toka kushoto au toka kulia kiwe kilekile. Ni mikato mingapi iliyo michache kabisa? Kwa neno fupi hata mtoto atakujibu. Kwa herufi elfu mbili, ukikisoma kila kipande upya kila unapokihitaji, muda unakwisha na mashine bado inasoma. Kwa hiyo kwanza unatengeneza jedwali: mistari ni pale kipande kinapoanzia, safu ni pale kinapoishia, na katika kila kisanduku unaandika ndiyo au hapana. Baada ya hapo hakuna kusoma tena. Unauliza jedwali, na kwa kila herufi unahesabu mikato michache kabisa ya kufikia hapo.

Salomon alikuwa msaidizi wa masomo ya informatiki, yaani ya kompyuta, katika taasisi moja ya mjini, ile aliyosomea Cadette. Informatiki, naam, ila mashine hakuna. Tatu zilizoletwa na wafadhili ziliharibika, moja baada ya nyingine, na ya nne ilikuwa ya katibu, haiguswi. Basi mtu huyu alifundisha programu kwa chaki kwa miaka, kama mtu anayefundisha kuogelea juu ya mkeka. Msicheke. Wengine wenye mashine kumi hawafundishi hata hivyo. Alichora jedwali ubao mzima, akaandika juu yake neno alilolipenda, "mananasi", na akaanza kulijaza toka mstari wa kwanza kushuka chini, kama watu wote wanavyoandika.

"Herufi ya kwanza na ya mwisho zinafanana?" aliuliza. "Zikifanana, na kipande ni kifupi, herufi tatu ao chini, ni ndiyo. Kikiwa kirefu, mutaangalia kile cha ndani. Cha ndani kikiwa ndiyo, hata hiki ni ndiyo."

Akafika kwenye "anana". Herufi ya kwanza "a", ya mwisho "a". Cha ndani ni "nan". Salomon alilitupia neno jicho, akacheka, akaandika ndiyo kubwa.

"Mwenye macho haambiwi tazama!" alisema, na darasa zima likajibu naye, maana ndio ulikuwa msemo wake, hata njiani wanafunzi walimsalimia nao. "Mananasi: m, anana, s, i. Mikato mitatu. Nani anabisha?"

Nani angebisha? Ilikuwa mitatu kweli.

Sasa kule dukani, Cadette aliandika programu yake jinsi mkono wa Salomon ulivyotembea ubaoni: mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa chini. Alipomaliza kujaribu "kuku", aliweka vidole aandike "mananasi", kisha akaviondoa. Ya nini? Jibu la mananasi alilijua kama jina la mama yake. Mtandao ulikuwa umeanza kusinzia, na Iliasi alikuwa anamwangalia kwa huruma. Akatuma.

Jioni alimpigia kaka yake, Joël, anayechimba dhahabu Salamabila. Wao ni watu wa Wamaza, huko Kabambare. Baba hayuko, shamba lao lilikimbiwa kwa vita mara nyingi kuliko lilivyovunwa, na masomo yote ya Cadette yalitoka katika shimo la Joël.

"Dada, miye nilishachoka," Joël alisema. "Shimo inatoa maji kuliko zahabu. Ukipita, nitajua nilichimba juu ya kitu, si bure. Ukikosa, utakuja huku, mama Jeannette iko anatafuta mutu wa kupikia wachimbaji. Sikukasirikii, lakini sina tena nguvu."

"Nitapita," Cadette alisema. Hakuwa anajisifu. Aliamini.

Majibu yalifika siku ya soko. Maswali matatu, yote kweli. La nne, karibu majibu yote ya programu yake uongo, na nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Chini waliweka mfano mmoja wa kosa, kwa wema au kwa ukatili, sijui: "abba". Jibu lililotakiwa, sufuri. Jibu lako, mbili.

Abba! Neno ambalo hata mlevi analisoma mbele na nyuma bila kujikwaa. Cadette aliomba meza ileile ya nyuma, akafungua programu yake, na sasa akaandika "mananasi". Mashine ikamjibu: mikato mitano.

Alilia kwanza. Kisha akachukua karatasi ya kufungia chumvi, akachora jedwali, akalijaza kama mashine, kwa kujilazimisha asitazame neno. Mstari wa "anana" ulikuwa juu. Kisanduku cha ndani, cha "nan", kiko mstari wa chini yake, na mstari wa chini ulikuwa bado haujajazwa. Mashine iliuliza kisanduku kitupu, na kitupu kwake ni hapana. Kila kipande cha herufi nne na zaidi kilikuwa kinapewa hapana kwa namna hiyohiyo. Baba, dada na kuku vilipita kwa kuwa havina palindromu ya herufi nne. Kumbe ilitosha kuanza na mstari wa mwisho na kupanda, ili kila cha ndani kiwe tayari kabla hakijaulizwa. Aligeuza neno moja tu katika programu, na mananasi yakawa mitatu, na abba ikawa sufuri, na haikumsaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ubaoni Salomon hakukosea hata mara moja, na hapo ndipo uchungu ulipokaa. Hakuwa anauliza kisanduku cha ndani. Alikuwa anatazama neno. Jicho lake lilijaza mahali ambapo kanuni ingekwama, na hakuwahi kuwa na mashine ya kumkatalia.

Cadette alimkuta uani pa taasisi, ameshika kitambaa chake cha kufutia ubao.

"Sikupita, Mwalimu. Naenda kwa kaka, Salamabila."

Salomon akakasirika kwa niaba yake, jinsi baba anavyokasirika. "Ni réseau, ni mtandao! Ile réseau ya hapa ni mwizi, ilikukata katikati. Ingekuwa Kinshasa ungepita, mutoto yangu, mimi najua nilichokufundisha."

Cadette alimwangalia. Alikuwa mtu wa shati moja safi, ambaye hakupata kuitwa popote, ambaye furaha yake yote ilikuwa kwamba wanafunzi wake wanajua. Ukimpokonya hiyo, anabaki na nini?

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Ni réseau."

Aliona uongo huo ni zawadi ya kumwachia. Lakini Salomon alisema: "Kabla hujaenda Salamabila, kesho uingie katika darasa la wapya. Uwafundishe mananasi. Wakuone, wajue mutu wetu alifika wapi." Angekataa kwa sababu gani?

Kesho yake aliingia. Salomon alikaa nyuma kabisa, mikono magotini, amevaa lile shati. Vijana walikuwa wamebanana kwenye madawati, wamemkazia macho dada aliyekaribia kwenda Kinshasa. Mmoja wao, Victorine, alikuwa ameshachora jedwali lake na kuandika neno juu.

Cadette alichora lake ubaoni. Aliwaeleza mistari, safu, herufi ya kwanza na ya mwisho, kisanduku cha ndani. Akainua chaki kwenye mstari wa kwanza. Usiku alikuwa ameshaamua: angejaza toka juu, darasa lingepiga makofi, mzee angefurahi, naye angepanda pikipiki ya kwenda Salamabila. Ni somo moja tu. Kisha akamwona Victorine naye ameinua kalamu kwenye mstari wa kwanza, anangoja. Mkono wa Cadette ulikataa. Ulishuka wenyewe mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa "i" peke yake, na ukaandika ndiyo.

Darasa likanong'ona. Toka nyuma Salomon akacheka kwa upole.

"Cadette, umepotea? Tunaanza juu. Mwenye macho..."

"Haambiwi tazama!" vijana wakamalizia.

"Mashine haina macho, Mwalimu," Cadette alisema, bila kugeuka.

Kicheko kilikwisha. Alisikia benchi ya nyuma inasogea, kisha hatua. Salomon alikuja mpaka ubaoni, akaweka kidole kwenye kisanduku cha "anana", akakishusha mstari mmoja na kukisogeza kushoto, kwenye "nan". Kisanduku kilikuwa kitupu bado. Alikitazama kwa muda mrefu. Halikuwa somo gumu, na yeye hakuwa mjinga.

"Haikuwa réseau," alisema kwa sauti ya chini.

Cadette aliishusha chaki.

"Wote," Salomon alisema. Hakuwa anamwambia yeye tena. "Lwamba. Nadine. Wale wa mwaka jana. Wote nilibafundisha hivi."

Aliokota kitambaa chake mezani, akatoka. Dirishani walimwona amesimama uani kwenye jua, anakikunja kitambaa na kukikunjua. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Cadette mwenyewe hakuthubutu, na hilo litamkera kila atakaposonga ugali wa watu kule Salamabila.

"Mama," Victorine aliuliza, "tuendelee?"

"Tuendelee," alisema, akafuta machozi kwa mkono wenye chaki. "Mstari wa chini. Halafu mtapanda."